Barua ya kutaarifu kuingiziwa mishahara kimakosa na kuomba utaratibu wa kuirejesha

Rehema S. Mbwana
Afisa Ununuzi, Idara ya Ugavi
Namba ya mtumishi 0417

6 Oktoba, 2025

Meneja Rasilimali Watu na Utawala,
Makao Makuu ya Kampuni,
DAR ES SALAAM.

Ndugu Meneja,

YAH: KUINGIZIWA MISHAHARA YA AGOSTI NA SEPTEMBA 2025 NIKIWA KATIKA LIKIZO BILA MALIPO

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Kwa barua yako ya tarehe 22 Julai, 2025 uliniruhusu kuwa katika likizo bila malipo kuanzia tarehe 1 Agosti hadi tarehe 30 Septemba, 2025 ili nimuuguze mama yangu mzazi huko Korogwe, na barua hiyo ilieleza bayana kwamba mshahara wangu ungesimama kwa miezi hiyo miwili. Hata hivyo, tarehe 25 Agosti na tarehe 25 Septemba akaunti yangu ya mshahara, inayoishia na tarakimu 3386, iliingiziwa shilingi 804,000 kila mara, jumla shilingi 1,608,000. Fedha hizo si haki yangu. Ninaandika kukutaarifu rasmi, kueleza sehemu niliyokwisha kuitumia kabla sijajua, na kuomba tukubaliane kwa maandishi namna ya kuzirejesha.

Nimeligundua jambo hili Ijumaa iliyopita, tarehe 3 Oktoba, siku ya tatu tangu nirejee kazini, nilipokuta mezani kwangu hati ya mshahara wa Septemba ambayo sikuitarajia. Mchana wa siku hiyohiyo nilikwenda katika tawi la benki na kuchukua taarifa ya akaunti ya kuanzia tarehe 1 Agosti, ambayo nimeiambatisha. Nilimweleza pia kwa mdomo afisa wa malipo ya mishahara, naye kwa nia njema akanijibu kwamba nisiwe na wasiwasi kwa kuwa "watakata wenyewe mwezi huu". Ninamshukuru, lakini jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika, kwa sababu hesabu ya suala hili haimaliziki kwa kuuzuia mshahara mmoja au miwili, kama nitakavyoonesha.

Ninawajibika kwanza kueleza kilichotumika. Tarehe 30 Agosti, nikiwa Korogwe, nilitoa shilingi 320,000 kwa wakala wa benki aliye karibu na stendi ya Mombo kwa ajili ya dawa na nauli za kumpeleka mgonjwa kliniki. Wakati huo nilikuwa nikisubiri marejesho ya gharama za safari ya kikazi ya Mbeya ya mwezi Juni, shilingi 345,000, na wakala aliponiambia kwamba salio linatosha niliamini ndizo zilizoingia. Ujumbe wa benki huenda kwenye laini ya simu niliyokuwa nimeiacha nyumbani Dar es Salaam, kwa hiyo sikuuona. Stakabadhi ya wakala nimeikuta Ijumaa katika mfuko wa mkoba, imekunjwa mara nne na wino umeanza kufifia, lakini bado inasomeka: salio baada ya kutoa, shilingi 540,400. Laiti ningeisoma pale dirishani ningetambua palepale kwamba kiasi hicho hakiwezi kuwa marejesho ya safari, kwa kuwa kabla ya tarehe 25 Agosti akaunti ilikuwa na shilingi 61,400 tu. Uzembe huo ni wangu na siusukumi kwa mtu mwingine. Fedha zilizobaki hazijaguswa.

Sasa nieleze hesabu yenyewe. Mshahara wangu ghafi ni shilingi 1,400,000 kwa mwezi, na kwa mujibu wa hati za mshahara za miezi hiyo miwili kampuni ilikata shilingi 140,000 za mchango wangu katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, shilingi 206,000 za kodi ya mapato, shilingi 210,000 za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu na shilingi 40,000 za chama chetu cha akiba na mikopo, ndipo shilingi 804,000 zikaja kwangu. Kwa hiyo kwa miezi miwili kampuni imetoa kimakosa shilingi 2,800,000, lakini zilizofika mkononi mwangu ni shilingi 1,608,000. Nikidaiwa mshahara ghafi wote nitakuwa ninalipa kutoka mfukoni fedha ambazo ziko Mamlaka ya Mapato na kwenye Mfuko. Nikirejesha kilichofika benki peke yake, nitakuwa nimenufaika kimyakimya na makato yaliyolipwa kwa niaba yangu. Naomba kila fungu lishughulikiwe kwa asili yake.

Kodi ya mapato, shilingi 412,000 kwa miezi miwili, ililipwa kwa mapato ambayo kisheria sikuyapata, na mlipaji ni kampuni, kwa hiyo marekebisho yake yanapaswa kufanywa na kampuni kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Hapa kuna jambo la haraka: kodi ya Septemba inatakiwa kuwasilishwa ifikapo tarehe 7 Oktoba, yaani kesho. Iwapo bado haijawasilishwa, jina langu linaweza kuondolewa leo na nusu ya usumbufu huu ikaepukika; ikibaki ile ya Agosti peke yake, ambayo muda wake ulipita tarehe 7 Septemba. Kwa sababu hiyo nimekuletea barua hii kwa mkono asubuhi hii na nakala yake nimeituma kwa barua pepe.

Michango ya Mfuko nayo irekebishwe kwa pande zote mbili, wangu na ule wa mwajiri ambao ni sawa na wangu, ili kumbukumbu zangu za uanachama zisioneshe miezi ambayo sikulipwa mshahara. Ninafahamu kwamba kuiacha kungeniongezea miezi ya uchangiaji. Sitaki miezi hiyo.

Kuhusu Bodi ya Mikopo, shilingi 420,000 zimepunguza deni langu, hivyo faida yake nimeipata mimi. Napendekeza kampuni iiandikie Bodi kuomba kiasi hicho kirejeshwe au kihesabiwe katika mawasilisho yajayo ya kampuni. Bodi ikikataa, nitakikubali kuwa deni langu kwa kampuni na tutaandikiana makubaliano mengine ya kulilipa. Shilingi 80,000 zilizokwenda kwenye chama cha akiba na mikopo ni hisa zangu na sitaki kusumbua chama kizirudishe, hivyo nitazilipa mwenyewe.

Kutokana na maelezo hayo, kiasi ninachokiri kudaiwa sasa ni shilingi 1,688,000, yaani shilingi 1,608,000 zilizoingia benki na shilingi 80,000 za hisa. Shilingi 1,288,000 ziko tayari. Salio la akaunti asubuhi ya leo ni shilingi 1,344,400, nami nitazihamisha siku hiyohiyo nitakapopokea barua yako yenye jina na namba ya akaunti ya kampuni. Shilingi 400,000 zinazobaki naomba zikatwe katika mshahara wangu kwa awamu mbili za shilingi 200,000, Oktoba na Novemba 2025. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka makato ya deni la namna hii yawe na ridhaa ya mfanyakazi kwa maandishi, nami nimeiambatisha ili pasiwe na sababu ya kuchelewa.

Nina maombi matatu katika utekelezaji. La kwanza, malipo yafanyike kwenye akaunti ya kampuni pekee na maelekezo yaje kwa barua iliyosainiwa nawe. Sitatuma fedha kwa namba ya simu ya mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa Idara ya Fedha. Sote tumekwisha kupokea zile jumbe za "ile hela itume kwenye namba hii", na katika jambo kama hili ni rahisi mtu kuponzwa. La pili, njia ya urejeshaji iwe hiyo moja tu. Ikiwa Idara ya Fedha imekwisha kuiomba benki iurudishe muamala wa Septemba, au imekwisha kuingiza makato ya mshahara mzima katika orodha ya malipo ya Oktoba, naomba hatua hizo zisitishwe, la sivyo fedha zilezile zitarejeshwa mara mbili na tutaanza barua nyingine ya kinyume cha hii. La tatu, marejesho ya safari ya Mbeya yashughulikiwe kivyake. Ninajua kwamba ingekuwa rahisi kuyafidia na deni hili, lakini yale ni matumizi ya kampuni yenye stakabadhi zake na hayatozwi kodi, na haya ni mshahara uliolipwa kimakosa. Yakichanganywa, mkaguzi wa hesabu hataweza kuyatenganisha.

Baada ya kupokea fedha naomba nipatiwe stakabadhi ya kampuni, hati za mshahara zilizorekebishwa za Agosti na Septemba, na barua fupi inayothibitisha kwamba nililitolea taarifa suala hili mwenyewe.

Sijui barua yako ya Julai ilikwama katika hatua ipi kabla ya kufika kwa waandaaji wa malipo, na sitafuti wa kulaumiwa. Ninapatikana ofisini kila siku ya kazi iwapo utahitaji tukae pamoja na Idara ya Fedha kulinganisha takwimu, na ningependelea tufanye hivyo kabla orodha ya malipo ya Oktoba haijafungwa.

Wako mtiifu,

R. S. Mbwana
Rehema S. Mbwana

Nakala:
Mkuu wa Idara ya Fedha, kwa ajili ya kodi ya Septemba, leo.
Meneja wa Tawi la benki. Tafadhali zingatia kwamba nimetambua kuwa miamala ya tarehe 25 Agosti na 25 Septemba si haki yangu, kwamba nitairejesha kwa kuhamisha fedha mwenyewe, na kwamba ninaomba nitaarifiwe kabla ya kurudishwa kwa muamala wowote kati ya hiyo miwili.

Viambatisho: Barua ya likizo ya tarehe 22 Julai, 2025, hati za mshahara za Agosti na Septemba, taarifa ya akaunti, stakabadhi ya wakala na kivuli chake, ridhaa ya makato.

KIAMBATISHO: RIDHAA YA MAKATO KATIKA MSHAHARA

Mimi, Rehema S. Mbwana, mtumishi namba 0417, kwa hiari yangu ninamruhusu mwajiri wangu kukata shilingi 200,000 katika mshahara wangu wa Oktoba 2025 na shilingi 200,000 katika mshahara wangu wa Novemba 2025, jumla shilingi 400,000, kufidia sehemu ya mishahara niliyolipwa kimakosa nikiwa katika likizo bila malipo. Ridhaa hii inahusu kiasi hicho na miezi hiyo tu. Haihusu shilingi 1,288,000 nitakazozirejesha kwa njia ya benki, wala kiasi chochote kinachohusu Bodi ya Mikopo, ambacho kitahitaji ridhaa yake.

Imesainiwa Dar es Salaam, leo tarehe 6 Oktoba, 2025.

R. S. Mbwana