Shika Mkia
Muswada wa kipindi cha Jumamosi, saa 10:00 hadi 10:30 jioni, moja kwa moja kutoka studio ya Tanga

Wasomaji: MTANGAZAJI na MWAMUZI (mwalimu mstaafu wa Kiswahili). Timu: mama lishe watatu wa Ngamiani na wavuvi watatu wa Sahare. Majibu yako kwa herufi kubwa. Karatasi hii isikae mezani mbele ya washiriki.

(MUZIKI WA KUFUNGULIA, SEKUNDE 20, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Saa kumi kamili jioni, wagosi, na mkia uko hewani! Hiki ni Shika Mkia, chemshabongo ambayo jibu moja huzaa jingine. Herufi inayofunga jibu hili ndiyo inayofungua jibu linalofuata. Kulia kwangu wapo mama zetu wa Ngamiani, wametuachia masufuria jikoni wakaja. Kushoto wapo kaka zetu wa Sahare, bahari imewaruhusu leo. Karibuni sana. Mwalimu wetu, shikamoo.

MWAMUZI: Marahaba, mwanangu. Sheria ni chache. Sekunde 15 kwa kila swali. Ukipata, pointi 10. Ukikosa, swali linahamia upande wa pili kwa pointi 5. Wakikosa wote, nalitaja jibu mwenyewe ili mkia usikatike. Na kila anayejibu lazima ataje mkia kwa sauti. Usipoutaja, jibu halijakamilika.

MTANGAZAJI: Mwalimu, wiki jana msikilizaji alituuliza kwa nini mikia yetu mingi ni A, E, I, O, U tu.

MWAMUZI: Aliuliza vizuri. Neno la Kibantu huishia kwenye irabu. Nyama, ndizi, mto, kisu, jembe: hakuna hata moja lililofunga mdomo. Na maneno ya kuja tuliyapokea tukayavisha irabu. Waarabu walisema kitab, sisi tukasema kitabu. Kwa hiyo ukitaka mkia wenye konsonanti, mara nyingi utaupata kwenye majina ya watu na miji, au kwenye neno ambalo bado hatujakubaliana jinsi ya kuliandika. Leo neno la namna hiyo limo humu.

MTANGAZAJI: Masikio wazi! Neno la zawadi, la kuanzia, ni TANGA. Mkia wake A. Kura imewaangukia mama lishe.

(KENGELE)

MTANGAZAJI: Swali la kwanza, herufi A. Ni mapango ya mawe ya chokaa, kilomita chache kaskazini ya mji wetu, ukishika barabara ya kwenda Horohoro. Ukiingia ndani popo wanakupokea, na kuna sehemu lazima uiname ndipo upite. Taja jina.

(JIBU: AMBONI. MKIA: I)

MTANGAZAJI (wakipata): Amboni! Nani wa Tanga hajapelekwa Amboni na shule? Mkia I, wavuvi. Ni kiungo. Punje zake nyeusi ndogo hulala ndani ya ganda la kijani, hulimwa milima ya Usambara, na chai ya maziwa isiyo nacho huwa na upungufu ambao mama hawa wataueleza vizuri kunishinda mimi.

(JIBU: ILIKI. MKIA: I. Wakisema "hiliki", MWAMUZI akatae: mkia uliopo ni I, na neno lazima lianze na I. Swali lihamie kwa mama lishe.)

MTANGAZAJI: Mkia umerudi I. Mama zangu, hili linataka utulivu. Alizaliwa Tanja, Moroko, mwaka 1304. Alitoka kwao kwenda kuhiji, akaendelea kusafiri karibu miaka 30. Mwaka 1331 jahazi lilimfikisha Mombasa, kisha Kilwa. Alikuwa nani?

(JIBU: IBN BATTUTA. MKIA: A)

MWAMUZI (baada ya jibu, kwa upole, bila haraka): Hapa naomba nusu dakika. Msafiri huyu aliandika kwamba chakula kikubwa cha watu wa Mombasa ni ndizi na samaki. Watazameni waliokaa mbele yangu jioni hii: upande huu wanaopika, upande ule wanaovua. Karibu miaka 700 imepita na chakula hicho bado kiko sahanini. Kilwa nayo aliihesabu miongoni mwa miji mizuri kabisa aliyoiona, na mtu huyo alikuwa ameona miji.

MTANGAZAJI: Asante, Mwalimu. Mkia A, wavuvi, na huyu ni mwenzenu wa majini, kwa sababu alikuwa baharia kabla ya siasa. Aliongoza Zanzibar baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, akatia saini Muungano pamoja na Mwalimu Nyerere, na aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Nataka majina yote matatu.

(JIBU: ABEID AMANI KARUME. MKIA: E. Wakisema "Karume" peke yake, MTANGAZAJI awaulize: "Linaanza na A?" Wana sekunde zilizobaki tu.)

MTANGAZAJI: E! Herufi hii mnaiogopa nyumbani, maana mtu akiisikia huwaza embe tu. Mama lishe: Mkenya huyu alikimbia kilomita 42 na mita 195 jijini Vienna, Oktoba 2019, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hakuna binadamu aliyewahi kuumaliza umbali huo chini ya saa mbili kabla yake.

(JIBU: ELIUD KIPCHOGE. MKIA: E)

MWAMUZI: Niongeze. Muda ule haukuingizwa kwenye rekodi rasmi za dunia, kwa kuwa wasindikizaji walikuwa wakipokezana mbele yake. Lakini dhahabu zake za Olimpiki, Rio na Tokyo, hazina mjadala.

MTANGAZAJI: Wavuvi, E tena. Twendeni huko huko wanakotoka wakimbiaji. Mji mkubwa wa Uasin Gishu. Wenyeji wa zamani waliuita Sisibo, kutokana na namba 64 ya shamba ulipoanzia. Ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2024.

(JIBU: ELDORET. MKIA: T)

(FUNDI MITAMBO: mlio wa konsonanti, mrefu)

MTANGAZAJI: Mnausikia mlio huo? Konsonanti! T! Mama lishe, shikeni vizuri, kwa sababu ndilo neno alilolitaja Mwalimu mwanzoni. Ni muziki. Udi, fidla, kanuni na maneno ya mafumbo. Siti binti Saad aliusafirisha mpaka Bombay mwaka 1928, akarekodi kwenye santuri kwa Kiswahili. Na mji wetu huu, kwa vikundi vya Black Star na Lucky Star, ulitia magitaa ndani yake, na sauti ya Shakila ikavuka mipaka. Taja muziki huo, na muutaje herufi kwa herufi.

(JIBU: TAARAB, MKIA: B, au TAARABU, MKIA: U. Yote mawili ni sahihi. Kinachoamua ni herufi walizozitaja kwanza. Hakuna kubadili.)

MWAMUZI: Wengine huandika taarab, kama lilivyotoka kwa Waarabu. Wengine huandika taarabu, wamelivisha irabu kama kitabu. Mimi nimefundisha watoto wa aina zote mbili na sikumkata mmoja maksi. Waimbaji wenyewe, wakiwa jukwaani, hutamka vyote. Basi leo mama zetu ndio waliochagua njia.

(WAKISEMA TAARAB, SOMA NJIA YA B. WAKISEMA TAARABU, SOMA NJIA YA U. Njia zote mbili zinakutana kwenye O.)

NJIA YA B

MTANGAZAJI: Mkia B, wavuvi. Mji wa pwani. Misafara kutoka bara iliishia hapa na kutua mizigo. Wajerumani waliufanya makao yao makuu hadi 1891, walipohamia Dar es Salaam. Na mwaka 1874, Susi, Chuma na wenzao waliufikisha hapa mwili wa Livingstone, baada ya kuubeba kwa miezi kutoka Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia.

(JIBU: BAGAMOYO. MKIA: O)

NJIA YA U

MTANGAZAJI: Mkia U, wavuvi. Hiki ni kitu. Kikiwa kimoja kinasimama darasani na kuandikwa kwa chaki. Vikiwa vingi, fundi anavipigilia juu ya nyumba kwa misumari. Nataka kile kimoja.

(JIBU: UBAO. MKIA: O. Wakisema "mbao", MWAMUZI: "Hizo ni nyingi, na zinaanza na M." Swali lihamie.)

(NJIA ZIMEKUTANA)

MTANGAZAJI: Tumefika O, herufi ngumu kuliko zote. Mama lishe: mlima wa kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Jina lake ni la Kimasai, maana yake Mlima wa Mungu. Unatoa moto hadi leo.

(JIBU: OL DOINYO LENGAI. MKIA: I. "Oldonyo Lengai" ikubaliwe, mkia ni ule ule.)

MWAMUZI: Mlima huu hauna mwenzake. Duniani kote ndio volkano hai pekee inayotoa lava ya kabonati ya sodiamu. Lava za kawaida hufika nyuzi 1,000 na zaidi. Ya kwetu ni kama nyuzi 500 hadi 600 tu. Mchana inaonekana nyeusi kama oili chafu ya gari, inatiririka upesi kama maji ya matope. Ikipoa na kunyonya unyevu wa hewa, hugeuka nyeupe. Mtu aliye bondeni akitazama juu anaweza kudhani ni theluji, kumbe ni moto wa jana.

MTANGAZAJI: Moto wa jana! Wavuvi, haraka, I. Mkoa wa nyanda za juu. Kalenga, ngome ya Mkwawa, imo humo, na kwao Lugalo, Agosti 1891, Wahehe waliwapiga Wajerumani.

(JIBU: IRINGA. MKIA: A)

(FUNDI MITAMBO: ngoma ya swali la mwisho)

MTANGAZAJI: Swali la mwisho ni la kengele. Atakayepiga kwanza ndiye anayejibu, na pointi ni 20. Mkia A. Tulianza nyumbani, tunamalizia nyumbani. Ni mahali katika wilaya ya Muheza, juu kwenye msitu wa Usambara Mashariki. Wajerumani walijenga huko kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka pande zote za dunia bado imesimama. Baadaye utafiti wa malaria ukawa kazi yake kubwa. Jina lake likiwa neno la kawaida, ndilo tunaloombeana kila siku.

(JIBU: AMANI. MKIA: I. Wakikosa wote, MWAMUZI atoe dokezo: "Mmelitamka leo tayari, katikati ya majina matatu.")

MTANGAZAJI: Amani! Mwalimu, hesabu.

MWAMUZI: (anasoma pointi za kila timu, kisha) Washindi wanaondoka na mchele kilo 25 na mafuta ya kupikia lita 5. Walioshindwa wanaondoka na mchele kilo 10, kwa sababu hakuna aliyekuja hapa mikono mitupu.

MTANGAZAJI: Mama zetu, asanteni, masufuria yanawangoja. Kaka zetu, usiku mwema baharini. Nawe uliyesikiliza ukiwa sokoni, kwenye daladala au barazani, mkia uliobaki ni I. Jumamosi ijayo, saa kumi jioni, jibu la kwanza litaanza na herufi hiyo. Anza kuwaza leo.

(MUZIKI UNAPANDA. MWISHO.)