Nje Kiasi Gani? Mifano ya Dola Isiyo na Dini, Ikitazamwa Kutoka Tosamaganga

Hospitali ya Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, ni mali ya jimbo katoliki, lakini pia ni hospitali teule ya halmashauri. Wauguzi wawili wa zamu moja wanaweza kulipwa na mifuko miwili: mmoja na jimbo, mwingine na Hazina. Mgonjwa hana habari na hilo. Mwanafunzi wa siasa hana budi kulitazama, maana Katiba ya 1977 inasema Tanzania haina dini (Ibara ya 3), na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi (Ibara ya 19). Nje kiasi gani?

Kwa maandishi tuko karibu na Ufaransa. Sheria yao ya 9 Desemba 1905 inasema Jamhuri haitambui, hailipi mishahara wala kutoa ruzuku kwa dini yoyote. Lakini padri wa Strasbourg, mji wa eneo la Alsace, analipwa na serikali hadi leo, kwa sababu mwaka 1905 Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani na sheria hiyo haikuwahi kufika huko. Marekani nayo, mwaka 1947, Mahakama ya Juu ilisifu "ukuta" kati ya kanisa na dola, kisha katika hukumu hiyohiyo ikaruhusu wazazi wa New Jersey warudishiwe nauli za basi za watoto waliosoma shule za kikatoliki. Ukuta huo, basi, ulijengwa na mlango.

Ujerumani haijifichi. Katiba ya Weimar ya 1919 ilitamka kuwa hakuna kanisa la dola, na tamko hilo likahamishiwa katika katiba ya 1949. Papo hapo ofisi za kodi za serikali hukusanya kodi ya kanisa kwa waumini: asilimia 8 au 9 ya kodi yao ya mapato, kutegemea jimbo la shirikisho.

Hoja yangu ni kwamba Tanzania huzungumza kama Paris na kufanya kazi kama Berlin. Sioni kosa katika ushirikiano wenyewe. Bila hospitali za misheni, Nyanda za Juu Kusini zingetibiwa wapi? Tatizo ni mahali ulipoandikwa. Makubaliano ya 1992 kuhusu huduma za afya na elimu yalikuwa kati ya serikali na makanisa, na Waislamu wamehoji tangu wakati huo nafasi yao iko wapi. Ujerumani pia jumuiya nyingi za Waislamu hazijapata hadhi ya kisheria ambayo makanisa yanayo, ila masharti ya kuipata yamo katika katiba, na kundi lolote linaweza kuyadai: Waahmadiyya waliipata katika jimbo la Hesse mwaka 2013. Makubaliano ya pande mbili hayana kifungu cha kumpokea wa tatu.