Lime...wa

Barua ya mama ilifika Mwanza ikiwa picha ndani ya simu ya Masanja, kwa sababu Elisha alikuwa na kitochi tu. Yoeli, mdogo wake, alimwomba mwalimu wa kijijini kwao Kasulu aipige picha na kuituma. Kwa kuwa Masanja angepanda kivuko cha Nansio alfajiri, Elisha aliamua kuinakili usiku huo huo kwenye daftari lake la hesabu za magunia. Muda alikuwa nao, maana mwezi ulikuwa mpevu, mitumbwi ya dagaa haikuingia ziwani, na wapakiaji wa Mwaloni walishinda bila kazi.

Alinakili salamu zote kama zilivyo, hata pale mama alipoandika jina la shangazi mara mbili. Alipofika mstari wa tisa, kalamu ilisimama. Karatasi ilikuwa imekunjwa hapo, wino ukafifia kwenye kunjo, na yaliyosomeka ni haya: "Shamba la bondeni lime", kisha weupe, kisha "wa".

Mwezi uliopita alikuwa ametuma shilingi 80,000 za vibarua, ili shamba hilo lilimwe kabla ya mvua. Kwa hiyo neno lilikuwa "limelimwa". Lakini baba mdogo alikuwa amelitamani shamba hilo tangu msiba wa baba, na "limeuzwa" nalo lilienea. Aliikuza picha mpaka herufi zikawa madoa. Herufi l ya mama hupanda juu sana, na z yake huning'iniza mkia chini ya mstari. Alitafuta kilele, akatafuta mkia, akaona mkunjo tu. Alipima pengo kwa ncha ya kalamu: lilitosha herufi mbili za kujinafasi, au tatu za kubanana, na mama, kila akaribiapo ukingo wa karatasi, hubananisha.

Sentensi iliyofuata ilisomeka vizuri: "Kwa hiyo hela za vibarua usitume tena, mwanangu." Aliirudia mara nne. Ilikubaliana na maneno yote mawili.

Alimpigia mwalimu, simu haikupatikana.

"Andika limelimwa, ulale," Masanja alisema kutoka kitandani.

"Nikiandika hivyo, kaka, kesho nitasoma mwandiko wangu nikidhani ni maneno ya mama."

"Basi andika limeuzwa."

Elisha hakujibu. Aliandika "lime", akaweka nukta tatu, akaandika "wa". Halafu alinakili habari za mbuzi, za paa la jiko na za Yoeli kufaulu mtihani, kwa mwandiko ule ule wa taratibu, na alipomaliza alimrudishia Masanja simu, akamwomba asiifute ile picha mpaka atakaporudi kutoka Nansio.