Ripoti ya mgonjwa: Msichana wa miaka 9 mwenye mRDT chanya na pumzi nzito

Mgonjwa na historia

Msichana wa miaka 9, kilo 22, aliletwa wodi ya watoto kutoka zahanati kwa rufaa ya malaria kali. Alikuwa ametapika siku 2, tumbo linamuuma, na tangu alfajiri alihema kama aliyetoka mbio. mRDT ilikuwa chanya. Mama ameridhia kisa kiandikwe bila jina.

Alipoulizwa, mama alieleza ambayo barua ya rufaa haikuwa nayo. Wiki 2 nyuma mtoto alimaliza dozi ya dawa mseto. Mwezi mzima amekuwa akiamka usiku kunywa maji, ameanza tena kukojoa kitandani, na sare ya shule inampwaya. "Na pale anapokojoa, sisimizi wanajaa."

Uchunguzi

Joto 36.8, mapigo 138, pumzi 44 kwa dakika, ndefu na za kina. Mapafu safi, oksijeni 98%. Ulimi mkavu, mdomo unanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Sukari 27.4 mmol/L. Mkojo: glukosi 4+, ketoni 3+. Slaidi ya damu: hakuna vimelea.

Utambuzi: ketoasidosisi ya kisukari, aina ya kwanza.

Matibabu

Alipewa ml 220 za maji ya chumvi 0.9% saa ya kwanza. Upungufu uliobaki ukagawanywa kwa saa 48. Insulini ilianza baada ya saa hiyo, uniti 2.2 kwa saa, bila dozi ya mkupuo. Alipokojoa tuliongeza potasiamu, na sukari ilipofika 14 tukaongeza dekstrosi. Sukari na fahamu zilipimwa kila saa, kwa kuhofia ubongo kuvimba. Saa ya 20 pumzi zilitulia, akaomba uji.

Funzo kwa mwanafunzi

mRDT ya aina hii hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa mtoto huyu ilionyesha malaria iliyokwisha kutibiwa. Ugumu ni kwamba malaria kali nayo hutia damu asidi na kumfanya mtoto apumue hivihivi. Kussmaul alizieleza pumzi hizi kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1874. Kwa hiyo usizitegemee peke yake. Tone moja la damu kwenye glukomita ndilo lililotenganisha: malaria kali kwa watoto huelekea kushusha sukari, hii ilikuwa imepanda mno. Mtoto yeyote anayehema huku mapafu yake ni safi, mpime sukari kabla hujaandika dawa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshashika kalamu kuandika atesuneti.

Utakapowasilisha kisa hiki Alhamisi, anza na sisimizi, namba 27.4 ije baadaye, ili wenzako wapate nafasi ya kuufikia utambuzi kwa maneno ya mama.