Nani Aonje Chumvi?

Kila Ramadhani, alasiri ikishaingia, Bi Mwanaidi hugonga bati la ua kwa mwiko. Ndiyo hodi yao. "Shoga, njoo unionjee!"

Mama Helena huja na mikono bado ina povu la sabuni. Huchota mchuzi kidogo, akaudondoshea kiganjani, akalamba. "Bado punje mbili." Basi, kazi imekwisha. Wamekaa ukuta kwa ukuta Ngamiani, Tanga, miaka kumi na moja, na futari ya Bi Mwanaidi haijawahi kuharibika chumvi. Masheikh humwambia mpishi anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Yeye husema ulimi wake anaujua, hautemi.

Mwaka 2026 Kwaresma na Ramadhani zikaanza wiki moja. Ijumaa hiyo likashuka gunia la mahindi ya vuli kutoka Muheza, kwa kaka yake Mama Helena. Mama yao, Mwanglikana wa Magila, aliwalea hivi: chungu cha kwanza cha mahindi mapya hakiliwi bila jirani. Kwa hiyo makande yalitokota upande huu wa bati, muhogo wa nazi upande ule, na moshi wa mikaa ukachanganyika juu.

Bati likalia.

"Leo sionji, shoga. Nimefunga mpaka jua lizame."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Nami nilikuwa nakuja kwako unionjee makande!"

Walicheka hadi Bi Mwanaidi akashika kiuno. Kisha wakamwita Juma, mjukuu, miaka sita, mtoto wa kuzunguka masufuria tangu adhuhuri.

Akapewa kijiko cha muhogo. Akatafuna, macho juu kama fundi. "Bado." Chumvi ikaongezwa. Kijiko kingine. "Bado kidogo." Wakahamia kwenye makande. Bado. Akapewa tena, bado. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mwonjaji huyu anaomba kijiko kikubwa.

Adhana ya magharibi ikawakuta mkekani. Bi Mwanaidi akasoma dua yake, Mama Helena akafanya ishara ya msalaba, wakachukua tende kutoka kisahani kimoja. Uji wa pilipili manga ulishuka vizuri. Halafu Mama Helena akatia tonge la makande kinywani, akatulia.

"Vipi?"

"Onja mwenyewe, sasa umeruhusiwa."

Bi Mwanaidi akaonja. Maji ya bahari ya Raskazone yana nafuu. Muhogo nao ulikuwa ndugu yake.

"Juma!"

Kimya. Nyuma ya mlango kijiko kilianguka sakafuni.

Bi Mwanaidi akavuta mbuzi, akaanza kukuna nazi ya pili. Mama Helena akapuliza mikaa, akarudisha chungu jikoni, akamimina tui jipya, akakoroga, akalamba kiganja.

"Bado," akasema, na safari hii wakaongeza maji.