Tamko la Falsafa ya Ufundishaji: Toleo Lililoandikwa Upya

Tamko hili linaambatana na maombi ya kupandishwa cheo kutoka Mhadhiri kwenda Mhadhiri Mwandamizi katika isimu ya Kiswahili, na linachukua nafasi ya lile lililomo kwenye jalada. Sentensi nyingi za toleo la awali zingeweza kuhamishiwa kwa mhadhiri wa uhasibu au wa uhandisi bila kugusa neno. Hapa dai limebaki pale tu ambapo mjumbe wa kamati, akija kuketi darasani, angeliona kwa macho yake. Sentensi iliyosema kwamba elimu ni ufunguo wa maisha imefutwa, na haina mbadala.

Kozi inayozungumziwa ni Fonolojia na Mofolojia ya Kiswahili, mwaka wa pili. Ina wanafunzi wapatao 240, mhadhara mmoja wa saa mbili kila Jumatatu kuanzia saa 1 asubuhi, na semina sita za wanafunzi 40 kila moja. Ukumbi una mabenchi yaliyofungwa sakafuni.

"Ninatumia mbinu shirikishi zinazomweka mwanafunzi katikati"

Katika ukumbi kama huo, kazi ya makundi ya watu sita haiwezekani: wa katikati husikika, wa pembeni hucheza na simu. Ushirikishwaji ninaoutumia ni wa watu wawili au watatu, na unafuata utaratibu alioanza kuutumia Eric Mazur katika fizikia, Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1991: swali, kura ya mtu binafsi, majadiliano na jirani, kura ya pili, kisha maelezo. Mhadhara wa kauli ya kutendua unaonyesha jinsi unavyokwenda.

Ubaoni naandika jozi tano: funga/fungua, ziba/zibua, bandika/bandua, kunja/kunjua, chomeka/chomoa. Kila mwanafunzi anapewa dakika tano aandike kanuni kwa sentensi moja, peke yake, kimya. Jozi hizi zimechaguliwa kwa makusudi: mizizi yake ina irabu a, i, u na o, lakini hakuna hata mmoja wenye e. Wanafunzi wanakuja wakiwa tayari wanaijua kauli ya kutendea, ambako pika huwa pikia na pata huwa patia, ilhali soma huwa somea na cheka huwa chekea. Kwa hiyo wengi huandika kwamba e na o huenda pamoja: baada yake kiambishi ni -o-, kwingineko ni -u-.

Ndipo nauliza: kinyume cha kutega ni nini? Na kinyume cha kuezeka? Ngumi ni -u-, kiganja wazi ni -o-, na mkono unabaki usawa wa kifua. Mikono ikinyooshwa juu, benchi za nyuma husubiri kuona za mbele zinasemaje, na kura inakuwa si kura tena. Waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, safu zenye namba witiri zinageuka nyuma na kila mtu anamshawishi jirani yake kwa dakika tatu. Wakiwa chini ya 30, majadiliano hayasaidii, kwa sababu wasiojua wanawashawishi wasiojua; hapo narudi kwenye data na kuongeza mfano. Wakizidi 70 napita. Dakika tatu ni tatu kweli: zikifika tano, mada imeshakuwa mpira wa Jumamosi.

Baada ya kura ya pili naandika tegua na ezua. Kanuni ya wengi inaanguka, na wanaiandika upya chini ya ile ya kwanza bila kufuta: kiambishi huwa -o- pale tu irabu ya mzizi ni o, baada ya irabu nyingine zote, e ikiwemo, ni -u-. Sentensi mbili hizo, iliyoanguka na iliyosimama, ndizo wanazozipeleka semina, na huko wanaulizwa kama lugha zao za nyumbani zinafanya hivyohivyo. Lugha nyingi za Kibantu zina ulinganifu huu wa upande mmoja. Msemaji wa Kisukuma, lugha yenye irabu saba, ana kazi kubwa kuliko msemaji wa Kiswahili peke yake, na kazi yake inawafaa wote.

Tega ikitolewa mwanzoni kabisa, somo lote linaharibika. Wanafunzi wanaikariri kama kighairi, na hakuna anayepata nafasi ya kuona kanuni yake ikishindwa.

"Ninawajengea wanafunzi uwezo wa kufikiri kwa kina"

Dai hili hupimwa kwa karatasi ya mtihani; kwingine kokote linabaki kuwa maneno. Swali la "Eleza maana ya mofimu na utaje aina zake, alama 10" limeondolewa, kwa kuwa jibu lake zuri na jibu la kukariri havitofautiani. Mahali pake pana swali la namna hii:

*Chunguza: pika/pikia, soma/somea, nunua/nunulia, chukua/chukulia, kimbia/kimbilia, pokea/pokelea. (a) Changanua kila neno katika mofimu zake. (b) Sauti l katika maneno manne ya mwisho inatoka wapi? Toa maelezo mawili yanayowezekana. (c) Toa ushahidi kutoka nje ya orodha hii unaoegemea upande mmoja.*

Kipengele (a) kina alama 3, (b) alama 3, (c) alama 4. Maelezo mawili yanayotarajiwa ni haya: ama l huchopekwa ili kutenganisha irabu, ama imo ndani ya mzizi na hudondoka pale kiishio -a kinapoifuata moja kwa moja. Ushahidi mzuri ni wa nomino: mnunuzi, mchukuzi, mkimbizi, mpokezi. Ile z haielezeki kwa uchopekaji, lakini inaeleweka mara moja iwapo mzizi una l iliyobadilika mbele ya i ya unominishaji, kama vile d ya penda na linda inavyotoa mpenzi na mlinzi. Anayetetea uchopekaji kwa hoja safi bila kuleta data mpya anaweza kupata alama 6. Anayetaja jibu sahihi bila ushahidi hafiki hapo.

Kosa linalojirudia katika (a) ni kukata *pokelea* kuwa poke-le-a, kana kwamba kiambishi cha kutendea ni -le-. Si kosa la kijinga: sarufi kadhaa huorodhesha -li- na -le- kama maumbo ya kutendea, na mwanafunzi amesoma hivyo tangu sekondari. Mwongozo wa kusahihisha unamnyima nusu alama tu, mradi awe na msimamo mmoja katika maneno yote manne. Anayekata neno moja hivi na jingine vile anapoteza zaidi.

Wasahihishaji ni watatu, mimi na wahadhiri wasaidizi wawili. Kabla ya kugawana vitabu tunasahihisha vilevile 12 kila mtu peke yake, kisha tunalinganisha. Tofauti ikizidi alama 1 kwenye swali moja, mwongozo ndio unaorekebishwa kwanza, kabla ya kumlaumu msahihishaji.

"Ninatoa mrejesho kwa wakati"

Dakika nne za mwisho za mhadhara, kila mwanafunzi anachana robo ya karatasi na kujibu swali moja, bila jina. Vikaratasi 240 kila wiki havisomeki, na mhadhiri anayedai kuvisoma vyote ahesabu dakika zake. Nasoma vya semina moja, kwa zamu, yaani takribani 40, na kuvigawa mafungu matatu: ameelewa, ameelewa nusu, amepotea. Kosa lililozidi katika fungu la kati ndilo linalofungua mhadhara unaofuata. Fungu la waliopotea linakwenda semina, kwa kuwa mhadhara hauna muda wa kuwarudia.

Mazoezi ya nyumbani ni manne kwa muhula, yenye jumla ya alama 20 kati ya 40 za tathmini endelevu. 20 nyingine ni za jaribio. Zoezi hurudi ndani ya siku kumi likiwa na maoni mawili tu: jambo moja la kurekebisha na mahali pa kuanzia. Maoni kumi pembeni mwa ukurasa hayasomwi.

"Ninajenga mazingira rafiki kwa wanafunzi wote"

Mhadhara wa saa 1 asubuhi jijini Dar es Salaam una wanafunzi waliotoka Mbagala au Gongo la Mboto saa 11 alfajiri, na wakati wa masika barabara ya Jangwani hufungwa Mto Msimbazi ukifurika. Kwa hiyo dakika 15 za kwanza hazina jambo jipya. Zina zoezi la marudio ubaoni, na haliondolewi hadi dakika ya 20. Aliyechelewa anaingia kimya, ananakili, anaendelea. Aliyewahi amepata mazoezi ya ziada, hajapoteza kitu.

Kujibu ni kwa orodha ya majina, si kwa wanaonyoosha mkono, maana walewale wanane wangejibu muhula mzima. Aliyetajwa anaweza kusema "pita", lakini mara moja tu kwa mhadhara, na anarudiwa baada ya wengine wawili. Kila kinachoandikwa ubaoni kinasomwa kwa sauti, herufi kwa herufi pale tofauti ilipo ndogo. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu anapata karatasi ya data yenye herufi za pointi 18 siku moja kabla.

Sentensi ya "mlango wa ofisi yangu uko wazi wakati wote" haikuwa kweli kwa mhadhiri yeyote. Saa za wanafunzi ni Jumatano, saa 8 hadi saa 10 mchana, watatu kwa pamoja. Sharti ni kuja na uchanganuzi uliojaribiwa, hata kama umekosewa. Anayekuja mikono mitupu anapewa data na meza, na mazungumzo yanaanza akishaandika mstari wa kwanza.

"Ninatumia TEHAMA ya kisasa"

Notsi hutumwa kwenye kundi la WhatsApp kupitia kiongozi wa darasa, katika faili la PDF lisilozidi MB 1, kwa kuwa wanafunzi hununua bando. Data ya mhadhara inachapwa pia kwenye karatasi moja kwa kila watu wawili. Umeme ukikatika, projekta inazima na somo linaendelea na chaki.

Viambatisho ni vitatu: karatasi ya data ya mhadhara wa kauli ya kutendua, swali la hapo juu pamoja na mwongozo wake wa kusahihisha, na vikaratasi vya semina ya tatu vikiwa katika mafungu yake. Mjumbe anayetaka kuketi darasani anakaribishwa Jumatatu yoyote. Akae benchi za nyuma, maana huko ndiko kura ya mkono usawa wa kifua hushindwa kwanza.