HARAKA: naomba idhini yako kabla ya saa 11 leo jioni, kuziba tundu la SharePoint

Lubumbashi, Jumatatu 21 Julai 2025, saa 8:20 mchana
Nakala: Mkurugenzi wa Fedha, Mkuu wa Usafirishaji

Bwana Mkurugenzi Mkuu,

Naomba ruhusa yako kwa mambo mawili. La kwanza, kuliondoa lango letu la hati la SharePoint kwenye intaneti sasa hivi. La pili, kulizima kabisa leo kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, tuweke kiraka cha dharura cha Microsoft na kubadilisha funguo za serva. Ukijibu "Naidhinisha", inatosha.

Juzi Jumamosi Microsoft ilitangaza kwamba wahalifu wanaingia kwenye serva za SharePoint ambazo makampuni yanaziendesha yenyewe, kama yetu. Tundu hilo limesajiliwa CVE-2025-53770 na ukali wake ni 9.8 kwa 10. Mshambuliaji hahitaji jina wala nenosiri la mfanyakazi yeyote. Anatuma ombi moja lililotengenezwa kwa hila, na serva inatekeleza amri zake. Jana shirika la usalama wa mitandao la serikali ya Marekani, CISA, liliziagiza ofisi za serikali kuu ya huko zishughulikie jambo hili ifikapo leo. Siku moja tu. Kwa kawaida huwapa wiki kadhaa.

Najua utauliza: si tulisasisha mwezi huu huu? Ndiyo, marekebisho ya tarehe 8 Julai tuliyaweka. Wahalifu wamepata njia ya kuyapita, ndiyo maana Microsoft imetoa kiraka kipya. Cha toleo letu la 2019 ni KB5002754. Tumekwisha kukipakua pamoja na kile cha lugha kinachofuatana nacho.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni funguo. Akishaingia, mshambuliaji huiba funguo za siri ambazo serva hutumia kutambua maombi halali. Kiraka kinaziba tundu, lakini hakimnyang'anyi mwizi funguo alizokwisha kuchukua: anaweza kurudi wiki ijayo kupitia mlango wa kawaida, na serva itampokea kama mtu wa nyumbani. Kwa hiyo tusikubali nusu ya kazi. Tutaweka kiraka, tutabadilisha funguo, kisha tutaiwasha huduma upya, yote usiku huu.

Asubuhi nimesoma kumbukumbu za serva. Usiku wa kuamkia leo kuna maombi yaliyotoka nje kwenda ukurasa wa ToolPane.aspx, ambao ndio unaotumiwa katika mashambulizi haya. Hakuna mfanyakazi wetu mwenye sababu ya kuufungua saa hizo. Faili la spinstall0.aspx, ambalo wahalifu huliacha, sikuliona. Hilo halinitulizi, kwani funguo zinaweza kuibwa bila faili kubaki. Naichukulia serva kuwa huenda imeguswa, na kabla ya kubadilisha chochote tutachukua nakala yake nzima ili ushahidi usipotee.

Kwenye lango hilo kuna mikataba ya wateja wa shaba na kobalti, faktura, hati za forodha za malori yanayopita Kasumbalesa, na nakala za pasipoti za madereva. Zikitoka nje, hatuna namna ya kuzirudisha.

Gharama yenyewe ni ndogo. Malori ya kesho asubuhi yanahitaji karatasi zao, kwa hiyo nimemwomba Mkuu wa Usafirishaji azichapishe kabla ya saa 12. Barua pepe na mfumo wa uhasibu haviguswi. Mafundi wawili watabaki nami usiku, na nahitaji lita 60 za mazutu kwa jenereta: umeme ukikatika katikati ya kazi hii, serva inaweza kuharibika. Kiraka kikigoma, tutarudisha nakala ya akiba, lakini lango halitarudi kwenye intaneti mpaka liwe salama.

Kungoja matengenezo ya Jumapili sikushauri hata kidogo. Kama kuna sababu ya kuahirisha ambayo mimi siijui, basi naomba angalau ruhusa ya kukata intaneti ya serva hiyo. Wafanyakazi walio ofisini wataendelea kuitumia. Walio Kasumbalesa watatuma hati kwa barua pepe.

Naomba pia mwanasheria wetu ajulishwe leo. Tukigundua kwamba data za madereva zimechukuliwa, Kanuni ya Dijitali ya mwaka 2023 itatuhusu, na uamuzi wa kuwaambia wateja utakuwa wako.

Niko ofisini na simu iko wazi. Ikiwa uko kikaoni, naomba unipigie hata kwa dakika mbili. Saa 10 nitapanda mwenyewe kwa katibu wako.

Kwa heshima,
Mkuu wa Idara ya Informatiki